Aina za mishono ya nguo

Mshono (wingi: mishono) ni mahali ambapo vipande viwili au zaidi vya kitambaa vimeunganishwa kwa uzi ili kutengeneza nguo. Kuna aina nyingi za mishono, na Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) limeiorodhesha kwa michoro na namba katika kiwango chake ISO 4916 cha mwaka 1991. Makala hii inahusu mitatu inayoonekana sana katika nguo za kila siku: mshono wa Kifaransa, mshono bapa na mshono wa ovaloki.

Tofauti kubwa ya mishono hiyo haiko upande wa nje bali upande wa ndani wa nguo, yaani katika namna kingo za kitambaa zilizokatwa kwa mkasi zinavyoshughulikiwa ili zisichambuke nyuzi. Kwa sababu hiyo mtu anayegeuza nguo nje ndani anaweza kutambua mengi: mashine iliyotumika, sehemu ipi ilishonwa kwanza, kama nguo imewahi kurekebishwa, na kama bado inaweza kupanuliwa.

## Maneno ya msingi

Fundi anapokata kitambaa huacha upana wa ziada nje ya mstari atakaoushona. Upana huo huitwa hapa *akiba ya mshono*. Katika ushonaji wa nyumbani akiba ya sentimita 1.5 ni ya kawaida. Viwandani mara nyingi huwa ndogo zaidi. Sare ya shule ya mtoto anayekua huachiwa akiba kubwa kuliko hiyo ili iweze kufumuliwa na kupanuliwa mwaka unaofuata.

Kila mara sindano inaposhuka na kupanda huacha *pigo* moja la uzi. Cherehani ya kawaida hutumia nyuzi mbili, mmoja kutoka juu na mwingine kutoka kwenye bobini iliyo chini, nazo hufungana katikati ya unene wa kitambaa. Hili ni *pigo la kufungana*. Huonekana sawa pande zote mbili, kama vistari vifupi vinavyofuatana. Mashine nyingine hutoa *pigo la mnyororo*: juu huonekana vistari vilevile, lakini chini kuna vitanzi vilivyoingiana kama mnyororo. Pigo la mnyororo hunyumbulika zaidi, ila uzi wake ukikatika au ukivutwa kutoka mwisho wa mstari, unaweza kufumuka wote.

Tofauti hii kati ya mapigo mawili ni ya kwanza kutazamwa, kwa sababu huonyesha mashine. Cherehani za kawaida za majumbani na za mafundi wa mitaani hushona pigo la kufungana. Mnyororo ulionyooka katika mshono mrefu wa shati au suruali kwa kawaida ni dalili ya mashine maalumu ya kiwandani.

## Mshono wa Kifaransa

Mshono wa Kifaransa hushonwa mara mbili, na kingo zilizokatwa hufichwa ndani ya mshono wenyewe. Hutumika hasa kwa vitambaa vyepesi, vinavyoonyesha au vinavyochambuka upesi, kama hariri, shifoni na pamba nyembamba, katika nguo zisizo na bitana.

Kazi yake huanza kinyume na desturi. Fundi huweka vipande viwili pande za ndani zikielekeana, si pande za nje. Kama akiba ni sentimita 1.5, hushona mstari wa kwanza sentimita 0.9 kutoka ukingoni. Kisha hupunguza kingo kwa mkasi hadi zibaki kama sentimita 0.3, hupiga pasi, na kugeuza vipande ili sasa pande za nje ndizo zielekeane. Mwishowe hushona mstari wa pili sentimita 0.6 kutoka kwenye mkunjo. Jumla ya 0.9 na 0.6 ni ile ile 1.5, hivyo nguo hutoka na kipimo kilichokusudiwa, na kingo za sentimita 0.3 zimefungiwa ndani ya mfuko mwembamba wa sentimita 0.6.

Matokeo yake ni kwamba upande wa nje hauonyeshi uzi wowote, na upande wa ndani huonyesha ukanda mwembamba kama bomba lililobonyezwa, lenye mstari mmoja tu wa uzi. Mtu akiubana ukanda huo kwa vidole husikia unene wa kingo zilizomo.

Kasoro ya kawaida ni nyuzi fupi zinazochomoza nje kama ndevu kwenye mstari wa mshono. Sababu yake ni kwamba kingo hazikupunguzwa vya kutosha kabla ya mstari wa pili, kwa hiyo sindano ilizinasa. Nyuzi hizo zikikatwa kwa nje huota tena baada ya kufuliwa. Dawa ni kufumua mstari wa pili, kupunguza kingo na kushona upya. Kasoro nyingine hutokea kwenye mipindo mikali kama tundu la mkono, ambapo mshono huu hukakamaa na kuvuta kitambaa. Ndiyo maana mara nyingi nguo huwa na mshono wa Kifaransa ubavuni lakini aina nyingine kwenye tundu la mkono.

Mshono huu unaeleza mambo mawili kuhusu nguo. Kwanza, fundi aliupanga tangu mwanzo, kwa kuwa hauwezi kuongezwa baada ya vipande kuunganishwa kwa njia ya kawaida. Pili, aliamua kwamba nguo haitapanuliwa: kingo zimeshakatwa, na hata ukifumuliwa mshono mzima hakuna kitambaa cha maana kinachobaki.

Kuna pia mshono unaouiga. Fundi huunganisha vipande kwa njia ya kawaida, kisha hukunja kila ukingo kuelekea mwenzake na kuzishona pamoja. Kwa nje hautofautiani na ule wa kweli. Kwa ndani hutambulika kwa kuwa mikunjo miwili hukutana na kuna mistari miwili ya uzi: mmoja kwenye shina la ukanda na mwingine karibu na ncha yake. Ukionekana kwenye tundu la mkono si ulaghai. Ni njia ya kupita mahali penye mpindo.

## Mshono bapa

Mshono bapa ni ule ambao kingo zake hukunjwa, hulazwa upande mmoja na kushonwa juu ya kitambaa. Hupatikana kwenye suruali za jinzi, mashati ya wanaume na nguo za kazi. Kabla ya cherehani kuenea, kuanzia miaka ya 1850, mashati ya kitani ya Ulaya yalishonwa kwa mshono wa namna hii kwa mkono, kwa sababu yalifuliwa mara nyingi na kwa nguvu.

Kwa cherehani ya kawaida fundi huunganisha vipande kwa mstari wa sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Kisha hupunguza ukingo mmoja tu hadi sentimita 0.6. Ukingo mpana huukunja kuufunika ule mfupi, huvilaza vyote pamoja na kushona mstari wa pili karibu na mkunjo. Unapatikana ukanda wa upana wa karibu sentimita 0.8, usio na ukingo wazi nje wala ndani.

Idadi ya mistari inayoonekana huonyesha jinsi kazi ilivyofanyika. Kama fundi alianza pande za ndani zikielekeana, ukanda hukaa nje ya nguo: nje huonekana mistari miwili na ndani mmoja. Kama alianza pande za nje zikielekeana, mambo hugeuka: nje mstari mmoja, ndani miwili. Sababu ni kwamba mstari wa kwanza huonekana upande ule ambako kingo zimelazwa, na upande wa pili hufichika ndani ya mkunjo.

Kiwandani njia ni tofauti. Mashine ya sindano mbili huwa na kifaa cha kukunjia ambacho huingiza kingo mbili moja ndani ya nyingine, kama vidole vilivyopinda na kushikana, na sindano zote mbili hupita katika matabaka hayo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mistari miwili huonekana nje na pia miwili huonekana ndani, nayo hukaa kwa umbali uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu sindano zimefungwa kwenye mhimili mmoja. Mara nyingi upande wa ndani ni mnyororo. Mistari inayokaribiana na kuachana kidogo, ikiwa na pigo la kufungana, ilishonwa mmoja mmoja kwa jicho na mkono.

Udhaifu wa mshono bapa uko kwenye uzi wake wa nje. Uzi uko juu ya uso wa nguo, hivyo husuguliwa moja kwa moja. Katika suruali inayobana mapajani, uzi hulika kabla ya kitambaa, na mshono hufunguka ingawa kingo zake bado ni nzima. Kwenye kitambaa kizito tatizo jingine hutokea mishono miwili inapokutana: matabaka huwa mengi, sindano hupinda au huruka mapigo. Mapigo marefu yasiyo ya kawaida kwenye makutano hayo ni alama ya mashine kushindwa unene, na ndipo mshono huanza kufumuka.

## Mshono wa ovaloki

Ovaloki ni mashine inayokata ukingo wa kitambaa kwa kisu na wakati huohuo kuuzungushia nyuzi. Ilianzia Marekani, katika jimbo la Connecticut, ambako kampuni ya Merrow ilibuni aina hiyo ya mashine mwaka 1881. Badala ya bobini ina kulabu zinazopeleka nyuzi juu na chini ya ukingo. Mashine za viwandani za aina hii hupiga zaidi ya mapigo 5,000 kwa dakika.

Idadi ya nyuzi huonyesha kazi iliyokusudiwa. Nyuzi 3 hutumika hasa kuzuia ukingo usichambuke. Nyuzi 4, zenye sindano mbili, huunganisha vipande na kufunga ukingo kwa pamoja. Huu ndio mshono wa fulana, kwa sababu hunyumbulika pamoja na kitambaa. Nyuzi 5 ni ovaloki ya nyuzi 3 ikiambatana na mstari wa mnyororo wa nyuzi 2 kando yake, na hupatikana sana kwenye suruali na mashati ya kiwandani.

Ni lazima kutenganisha matumizi mawili ambayo watu huyachanganya. Katika la kwanza, vipande viwili vimeungwa na ovaloki yenyewe, na kingo zote mbili zimezungushiwa nyuzi pamoja. Hapa kisu kimeshakata akiba, na nguo haiwezi kupanuliwa. Katika la pili, kila kipande kilipigwa ovaloki peke yake, kisha vikaunganishwa kwa cherehani ya kawaida, na kingo zikafunguliwa kwa pasi, moja kushoto na nyingine kulia. Hapa akiba ipo. Suruali ya kitambaa iliyoshonwa vizuri na fundi huwa hivi, hasa kwenye mshono wa nyuma wa kiuno, ili mwenye nguo akinenepa iweze kuachiwa.

Mafundi wengi wa mitaani Afrika Mashariki wana cherehani ya kawaida tu, na hupeleka nguo kwa jirani mwenye mashine ya ovaloki. Hilo nalo huacha alama: rangi ya nyuzi za ovaloki hailingani na uzi wa mshono, kwa kuwa mwenye mashine hutumia nyuzi zilizokuwa zimefungwa wakati huo.

Katika kitambaa cha fulana, mshono wa cherehani ya kawaida usio na mnyumbuko hukatika uzi nguo inapovutwa kupita kichwani. Kwa hiyo fulana yenye pigo la kufungana lililonyooka mabegani au ubavuni, kingo zikiwa wazi, ama ilishonwa bila mashine inayofaa au imetengenezwa upya baada ya kuchanika.

## Mshono uliopita juu ya mwingine

Kanuni moja husaidia kujua mpangilio wa kazi: mahali mishono miwili inapokutana, ule ulionaswa chini ya mwingine ndio uliotangulia. Mshono hauwezi kunasa kitu ambacho bado hakijashonwa.

Suruali ya jinzi huonyesha kanuni hii vizuri. Mguu wa suruali una mishono miwili mirefu, wa ndani na wa nje. Katika suruali nyingi mmoja tu ndio mshono bapa. Sababu ni kwamba mshono wa kwanza hushonwa vipande vikiwa bado vimelala mezani, lakini wa pili hufunga mguu kuwa bomba, na ni vigumu kuingiza bomba refu na jembamba chini ya sindano ya cherehani ya kawaida ili kulaza kingo. Ndiyo sababu wa pili huachwa kuwa mshono wa kawaida wenye ovaloki. Kama mishono yote miwili ni bapa kweli, kwa kawaida kiwanda kilikuwa na mashine ambayo mkono wake wa chini ni bomba linalochomoza. Mguu wa suruali huvalishwa juu ya mkono huo na kuvutwa kadiri unavyoshonwa.

Hapa mnunuzi anaweza kukosea. Baadhi ya suruali zina mistari miwili nje kama mshono bapa, lakini kwa ndani kuna ukingo wa ovaloki uliolazwa na kushonewa juu. Mshono huo ni mwigo. Unaweza kudumu vizuri, lakini ukingo wake uko wazi kwa msuguano, na nyuzi za ovaloki zikikatika ukingo huanza kuchambuka.

## Mfano: kusoma shati moja

Tuchukue shati la pamba la mikono mirefu lililonunuliwa kwenye mitumba, ambalo kitambulisho cha shingoni kimekatwa. Likigeuzwa nje ndani, mahali pa kuanzia ni kwapani, kwa sababu hapo hukutana mshono wa ubavu, mshono wa mkono na mshono wa tundu la mkono.

Katika shati hili mshono wa ubavu unatoka kwenye pindo la chini, unapanda hadi kwapani na kuendelea bila kukatika hadi kwenye kifundo cha mkono. Mshono wa tundu la mkono umenaswa chini yake. Kwa hiyo mkono uliunganishwa na mwili shati likiwa bado wazi kama shuka, kisha ubavu na mkono vikafungwa kwa mshono mmoja. Huu ndio mpangilio wa kawaida wa kiwanda cha mashati. Kama mshono wa tundu la mkono ungezunguka duara zima bila kukatizwa, na mishono ya ubavu na mkono ikiishia kwake, maana yake ingekuwa kwamba mkono ulifungwa kwanza kuwa bomba ndipo ukapachikwa, kama ilivyo kwenye koti na nguo nyingi za fundi.

Hatua ya pili ni kutazama mshono wa ubavu wenyewe. Upande wa kulia una mistari miwili nje na miwili ndani, na ile ya ndani ni mnyororo. Ni mshono bapa wa mashine ya sindano mbili yenye mkono wa bomba. Pindo la chini limepita juu ya mshono huo, kwa hiyo lilishonwa baadaye.

Upande wa kushoto hali ni nyingine. Kwa sentimita 30 kati ya kiuno na kwapa hakuna mshono bapa: kuna mstari mmoja wa pigo la kufungana na ukingo wa ovaloki ya nyuzi 3, na rangi ya uzi ni nyeupe zaidi. Juu na chini ya sehemu hiyo mnyororo wa zamani umekatizwa. Kiwanda kisingeshona ubavu mmoja kwa njia mbili, kwa hiyo shati limerekebishwa. Lakini je, lilipunguzwa au lilichanika?

Jibu linatokana na kipimo. Shati likikunjwa katikati kwa urefu, ubavu wa kushoto ni mwembamba kuliko wa kulia kwa sentimita 1, na karibu na mshono mpya hakuna safu ya matundu ya sindano wala ukanda wa rangi isiyopauka. Kama mtu angependa tu kulipunguza, angelipunguza pande zote mbili. Basi uwezekano mkubwa ni kwamba mnyororo ulifumuka, kitambaa kikachanika kando yake, na fundi akakata sehemu iliyoharibika na kuunga upya kwa ovaloki. Kitambaa kilichokatwa hakipo tena, hivyo atakayelinunua hawezi kurudisha upana huo. Anaweza tu kupunguza upande wa kulia ili pande zilingane.

## Mipaka ya ushahidi wa mshono

Mshono mmoja pekee hautoshi kutoa hukumu. Viwanda hushona blauzi za hariri kwa mshono wa Kifaransa, na fundi wa nyumbani mwenye subira anaweza kushona mshono bapa ulionyooka kabisa. Ovaloki si alama ya kazi duni; kwa fulana ndiyo njia inayofaa. Nguo yenye bitana huficha kingo zake, na hapo hata mshono wa kawaida usiomaliziwa unaweza kuwa uamuzi sahihi.

Katika kukadiria umri wa nguo, mshono hutoa mpaka wa upande mmoja tu. Sehemu yenye ovaloki haiwezi kuwa ilishonwa kabla ya mwisho wa karne ya 19, lakini nguo yenyewe inaweza kuwa ya zamani zaidi na ovaloki ikawa ya matengenezo. Kukosekana kwa ovaloki hakuthibitishi uzee wowote, kwa kuwa hadi leo nguo nyingi hushonwa bila mashine hiyo. Kwa hiyo hulinganishwa mishono yote ya nguo: inayofanana uzi, pigo na upana huenda ni ya siku moja, na ule unaotofautiana na mingine ndio wa kuchunguzwa zaidi.